Kikombe cha Nani? Mwongozo wa Kupika Supu ya Ugenini Bila Kugombana na Oveni

Kabla hujakata boga na kabla hujawasha oveni, yaulize mapishi swali moja: kikombe chenu ni cha wapi? Kikombe cha Marekani kina mililita 237, na kwenye lebo za vyakula vya huko huandikwa 240. Cha Australia ni 250 kamili. Cha Japani ni 200. Cha Waingereza wa zamani, wale waliopima kila kitu kwa painti, ni nusu painti, yaani mililita 284. Vyote vinaitwa kikombe, na kati ya mdogo wao na mkubwa wao pana mililita 84, ambazo ni zaidi ya vijiko vitano vya chakula. Kikombe cha chai cha kabatini kwako hakimo hata katika orodha hiyo, kwa sababu aliyekitengeneza alikuwa akifikiria chai.

Mapishi yenyewe hayatakuambia yanatoka wapi, lakini hujisaliti. Ukiona kwati na nyuzi za Farenhaiti katika ukurasa mmoja, uko Marekani. Ukiona oveni ikitajwa kwa namba ndogo za jiko la gesi, kwa mfano namba 4 au namba 6, uko Uingereza, na kama kitabu ni cha zamani basi painti yake ni ya mililita 568, si 473 kama ya Mmarekani. Ukiona kijiko cha chakula kimetajwa kuwa cha mililita 20, uko Australia, maana kwingine kwingi kijiko hicho ni 15. Tofauti ya painti ina kisa chake. Wamarekani walibaki na galoni ya mvinyo iliyowekwa kisheria zama za Malkia Anne mwaka 1707, ya lita 3.785. Waingereza wakabadilisha yao mwaka 1824, wakachagua galoni ya kubeba ratili 10 za maji, na hiyo ikawa lita 4.546. Kila kipimo kilicho chini ya galoni kikafuata mzazi wake: kwati ni robo ya galoni, painti ni nusu ya kwati. Ndiyo maana mpishi anayetumia kitabu cha London kwa kipimo cha Chicago hutoa supu nzito kuliko ilivyokusudiwa, wala hajui amekosea wapi.

Sasa kijue kikombe chako. Huhitaji kununua chochote. Chukua chupa ya maji ya kunywa ya nusu lita ambayo haijafunguliwa, mimina ndani ya kikombe chako mpaka pale unapojaza kila siku, mimina cha pili. Kama chupa imeisha sawasawa baada ya vikombe viwili, una kikombe cha 250 na unaweza kulala salama. Kama kimebaki kiasi cha kujaza nusu ya kikombe tena, kikombe chako ni cha 200. Kama cha pili hakikujaa, kikombe ni kikubwa kuliko 250. Chora alama kwa kalamu ya wino mzito pale maji yalipofika ulipogawa chupa sawasawa. Mwenye mizani ya jikoni ana njia fupi zaidi, kwani mililita moja ya maji ina uzito wa gramu moja: weka kikombe juu, rudisha mizani sifuri, mimina maji, soma.

Hapa kuna jambo ambalo vitabu vingi vya mapishi havisemi waziwazi. Kama kila kitu kwenye mapishi kimepimwa kwa kikombe, kikombe chochote kinafaa. Vikombe vinne vya maji, kimoja cha dengu, nusu ya nyanya zilizosagwa: pima vyote kwa kopo lile lile na uwiano utabaki ule ule, utapata tu supu nyingi zaidi au kidogo zaidi. Shida huanza vikombe vinapochanganyika na vitu visivyopimwa kwa vikombe, kama boga la kilo, chumvi ya kijiko au kopo la tui lenye ujazo wake wa kiwandani. Hapo kikombe chako kikikua, chumvi haikui nacho. Basi kabla hujaanza kugeuza namba, angalia kama kuna haja ya kugeuza.

Tuchukue supu ambayo haja hiyo ipo. Binamu yetu anayeishi Minnesota alimtumia mdogo wangu mapishi ya supu ya boga la kuoka. Yanasema hivi: boga la ratili 3, likatwe vipande na kupakwa vijiko 2 vya chakula vya mafuta, lichomwe kwenye oveni ya 400 kwa dakika 45, kisha lisagwe pamoja na kwati 1 ya mchuzi wa kuku, kikombe 1 cha tui la nazi, na kijiko 1 cha chakula cha chumvi ya chenga. Mdogo wangu alinipigia simu boga likiwa tayari limemenywa.

“Dada, oveni yangu inaishia 250. Hizo 400 nizitoe wapi?”

“Gawa kwa mbili, mdogo wangu. Weka 200, endelea na kazi.”

Jibu hilo si la kubahatisha. Kanuni kamili ya kutoka Farenhaiti kwenda Selsiasi ni kutoa 32, kuzidisha kwa 5, na kugawa kwa 9. Maji huganda kwenye 32 na kuchemka kwenye 212 kwa Farenhaiti, pengo la nyuzi 180; kwa Selsiasi pengo hilo ni 100. Kwa hiyo uzi mmoja wa Selsiasi ni sawa na uzi 1.8 wa Farenhaiti, kisha kuna ile 32 ya kuanzia. Sasa tazama kinachotokea kwenye joto la kuokea. Ukizidisha kwa 2 badala ya 1.8 umezidisha mno. Ukiacha kuongeza 32 umepunguza. Makosa haya mawili yanavutana, na kwenye nyuzi 160 yanafutana kabisa: 160 za Selsiasi ni 320 za Farenhaiti, nusu kamili. Ukisogea juu au chini, kosa linakua polepole. 300 ni 149, nawe umekisia 150. 350 ni 177, umekisia 175. 400 ni 204, umekisia 200. Hakuna oveni ya nyumbani inayoshika joto lake kwa usahihi huo, kwa hiyo kugawa kwa mbili kunatosha kuanzia 300 hadi 400. Ukifika 450 kosa linafikia nyuzi 7, maana jibu la kweli ni 232. Hapo ongeza kidogo, weka 230.

Wapo watu waliofundishwa njia nyingine: zidisha Selsiasi kwa mbili, ongeza 30. Njia hiyo ni nzuri kwa hali ya hewa. Nyuzi 25 za Dar es Salaam zinatoka 80, na ukweli ni 77. Ipeleke kwenye oveni uone: 200 inakuwa 430, wakati ukweli ni 392. Boga litakuwa jeusi pembeni kabla halijaiva katikati. Kanuni ya mwavuli ibaki mlangoni, isiingie jikoni.

Je, kama mapishi yanataja namba bila kusema ni nyuzi zipi? Oveni nyingi za nyumbani zinaishia karibu na 250 za Selsiasi. Namba yoyote iliyo juu ya 300, basi, ni Farenhaiti bila ubishi. Namba kama 180 au 200 kwa kuchoma boga ni Selsiasi, kwa sababu 180 za Farenhaiti ni 82 tu, joto lisilofika hata la maji yanayochemka, na boga lingekaa humo mchana kutwa bila kubadilika rangi. Eneo la hatari ni kati ya 225 na 275, ambako mizani zote mbili zinawezekana. Hapo usitazame namba, tazama muda. Nyama ya 250 kwa saa tano ni Farenhaiti, yaani moto mdogo wa 121. Boga la 250 kwa dakika ishirini ni Selsiasi, na simama karibu na mlango wa oveni.

Mtego mwingine wa joto ni wa tofauti, si wa kipimo. Mapishi ya Marekani yakisema “punguza nyuzi 25 kama oveni yako ina feni”, usizipeleke zile 25 kwenye kanuni ya kutoa 32, utapata jibu la chini ya sifuri. Unapogeuza tofauti, 32 haihusiki; gawa tu kwa 1.8, na 25 zinakuwa 14. Waandishi wa Ulaya husema punguza 20 za Selsiasi. Kati ya 14 na 20 sitamlaumu mtu. Nachagua 20 kwa boga, kwa sababu feni hukausha kingo haraka, na kingo zilizoungua zinapeleka uchungu kwenye supu nzima ukishasaga.

Kwa wale wenye kitabu cha Uingereza chenye namba za gesi, hesabu ni nyepesi kuliko inavyoonekana. Namba 1 ni 275 za Farenhaiti, na kila namba inaongeza 25. Namba 4 ni 350, namba 6 ni 400. Gawa kwa mbili kama kawaida. Lakini usidhani kuwa kitufe cha jiko lako chenye namba 1 hadi 8 kinafuata utaratibu huo. Majiko mengi yanayouzwa kwetu yana namba za mtengenezaji mwenyewe, na maana yake imo kwenye kijitabu kilichokuja na jiko. Kijitabu kikiwa kimepotea, nunua kipimajoto cha oveni cha kuning'iniza. Ukikosa hicho, sukari itakusaidia. Tandaza kijiko kimoja kwenye foili, weka ndani ya oveni iliyokwisha pata moto. Kwenye 175, baada ya robo saa chenga zinabaki chenga. Kwenye 190 zinayeyuka. Ikiwa umeweka 175 na sukari imegeuka kimiminika, oveni yako ina moto kuliko inavyokiri, nawe utapunguza kila mara kuanzia leo.

Boga la mdogo wangu, basi, linachomwa kwa 200, au 180 kama kuna feni. Ratili 3 ni kilo 1 na gramu 360. Likiiva, kisu kinapita bila kusukumwa na kingo zina rangi ya hudhurungi. Sasa twende kwenye sufuria.

Kwati ya Marekani ni mililita 946. Mdogo wangu alikuwa na jagi la lita moja na akataka kujua atapunguza vipi zile 54 zilizozidi. Asizipunguze. Ni pungufu ya vijiko vinne vya chakula, na sufuria pana iliyoachwa wazi ikitokota hupoteza kiasi hicho kwa dakika chache. Supu husamehe maji kwa sababu unaweza kuyaongeza na unaweza kuyachemsha yaondoke. Kama kwati hiyo ingekuwa ya Mwingereza ningesema mengine, kwani ingekuwa 1136, karibu kikombe kizima juu ya ile ya Marekani, na supu ya boga iliyokosa kikombe kizima husimama kwenye upawa badala ya kumiminika. Kikombe cha tui ni 240. Kikombe chako cha 250 kinafaa, mradi tui liwe la kwanza, zito. Ukiweka tui la pili umebadilisha mapishi, na hakuna jedwali la vipimo litakalorekebisha hilo.

Yapo mapishi yanayosema “chemsha hadi vibaki vikombe 6”, kana kwamba mpishi anaweza kumimina supu ya moto kwenye kikombe kila baada ya dakika tano. Vikombe 6 vya Marekani ni lita 1.42. Kabla hujaanza kupika, mimina lita moja na mililita 420 za maji kwenye sufuria utakayotumia, simamisha mwiko wa mti hadi chini, weka alama ya penseli maji yalipofika. Mwaga maji, pika. Kila ukitaka kujua, ondoa moto kidogo, supu itulie, simamisha mwiko. Alama hiyo ni ya sufuria hiyo tu. Ukibadili sufuria, alama imekufa. Na ukipikia arusi, mara tatu ya mapishi haimaanishi maji mara tatu. Maji hutoka kupitia uso wa supu, na uso wa sufuria kubwa haukui kwa kasi ya ujazo wake. Anza na mchuzi pungufu kidogo kuliko hesabu inavyosema, ongeza mwishoni.

Chumvi haisamehe namna hiyo, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Kijiko cha chai cha kipimo ni mililita 5, na kijiko cha chakula ni 15, yaani vitatu vya chai. Kijiko unachokorogea chai nyumbani hakikupimwa na mtu yeyote. Kinaweza kubeba mililita 3, kinaweza kubeba 7. Kukihakiki, chukua sirinji ya dawa ya mtoto ya mililita 5, ile ya duka la dawa isiyo na sindano. Vuta maji hadi 5, mimina kwenye kijiko. Kikifurika ni kidogo, kisipojaa ni kikubwa. Halafu kuna suala la kilima. Mapishi yanaposema kijiko, yanamaanisha kilichofutwa kwa mgongo wa kisu hadi sawasawa na ukingo. Kijiko chenye kilima kinaweza kubeba karibu mara mbili, na kwa bizari pengine hutajua, lakini kwa chumvi kila mtu mezani atajua.

Hata kijiko kikiwa sahihi, chumvi yenyewe ina ujazo tofauti. Chumvi laini ya mezani ina gramu 6 hivi kwa kijiko cha chai. Chumvi ya chenga nyepesi ambayo wapishi wengi wa Marekani huitumia ina gramu 3 tu kwa kijiko kile kile, kwa sababu kati ya chenga pana hewa. Mapishi ya binamu yetu yanataka kijiko cha chakula cha chumvi ya chenga, ambayo ni gramu 9. Mdogo wangu, mwenye chumvi laini, angeweka kijiko kile kile na kutia gramu 18. Dawa ni nusu: kijiko kimoja na nusu cha chai cha chumvi laini ndizo gramu 9.

Jumlisha sasa. Mchuzi lita moja kasoro, tui robo lita, nyama ya boga karibu gramu 800 baada ya kuondoa maganda na maji yaliyopotea kwenye oveni. Sufuria ina kama lita mbili. Watu wengi huona supu imekolea ikiwa na gramu 8 hadi 10 za chumvi kwa kila lita, kwa hiyo sufuria hii inataka 16 hadi 20 kwa jumla. Gramu 9 zinatoka kwenye kijiko. Zilizobaki zinatarajiwa kutoka kwenye mchuzi wa kuku, kwa sababu mchuzi wa dukani Marekani kwa kawaida umetiwa chumvi. Ukichemsha kuku mwenyewe bila chumvi, ongeza gramu 8, yaani kijiko kimoja na theluthi cha chai. Ukitumia kidonge cha supu, soma karatasi yake: mara nyingi chumvi ndiyo iliyoandikwa kwanza kwenye orodha ya viungo, na kinachoandikwa kwanza ndicho kilicho kingi. Hapo weka vidonge, koroga, onja, ndipo ufikirie kijiko.

Na ikiwa umekwisha tia ile 18 ya chumvi laini juu ya mchuzi uliokuwa na 8? Una gramu 26 ndani ya lita mbili, 13 kwa lita. Usiweke kiazi kizima ukitumaini kitanyonya chumvi. Kiazi hunyonya maji ya chumvi jinsi yalivyo, na supu inayobaki ina ukali ule ule. Gawa 26 kwa 9, unapata lita 2.9. Supu yako inahitaji kufika hapo, basi ongeza mililita 900: chemsha boga jingine dogo ndani ya maji yasiyo na chumvi, lisage, tia tui kidogo, changanya. Kama boga halipo, toa vikombe vitatu vya supu uviweke kwenye jokofu kwa ajili ya kesho, kisha jaza nafasi yake kwa tui na maji kwa kiasi kile kile. Utabaki na lita mbili zilizo na chumvi ya gramu 8 kwa lita, na vile vikombe vitatu vya jokofuni vitatosha kupikia wali wa watu wanne au watano bila kutia chumvi tena.